Sahani ya Pilau Inamgharimu Mpishi Shilingi Ngapi?

Wifi yangu anapika pilau Buguruni na kuiuza Posta, kwenye kibaraza kilicho nyuma ya majengo ya ofisi, hatua chache kutoka Barabara ya Samora. Wateja wake ni makarani, walinzi, wahasibu, madereva wa maofisini na mabinti wa mapokezi. Sahani moja ni shilingi 3,000, pamoja na kachumbari na ndizi mbivu. Saa nane mchana sufuria huwa nyeupe, na mtu yeyote anayepita pale akiona foleni ile huamini kwamba mwenye biashara anatengeneza pesa.

Yeye mwenyewe aliamini hivyo kwa miaka miwili. Lakini kila ikifika tarehe 20 alikuwa anakopa kwenye kikoba ili anunue mchele wa kesho. Jioni moja alinipigia simu akaniuliza, "Wifi, wewe uliyesoma hesabu, pesa yangu inapotelea wapi?" Nikamjibu sijui, ila Alhamisi nitakuja alfajiri tuhesabu wote kuanzia kwenye mchele mpaka kwenye sahani ya mwisho. Hii ndiyo hesabu tuliyoifanya. Bei nitakazozitaja ni zile alizolipa siku hiyo. Kwako zinaweza kuwa tofauti, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Nilianza kwa kumwomba anionyeshe hesabu anayoifanya kichwani. Aliitoa bila kusita, maana huifanya kila siku akiwa sokoni. Mchele kilo 5 kwa 3,000 ni 15,000. Nyama kilo mbili na nusu, 27,500. Vitunguu maji 3,000, viazi mviringo 3,000, mafuta lita moja 5,500. Tangawizi na vitunguu saumu 2,000. Bizari ya pilau, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kwa pamoja 3,000. Nyanya, vitunguu, pilipili na ndimu za kachumbari 4,000. Ndizi mbivu 40 ni 6,000. Jumla 69,000.

"Kilo moja inatoa sahani nane," akasema, "kwa hiyo kilo tano ni sahani arobaini. Sitini na tisa elfu gawa kwa arobaini." Inakuja 1,725. Akiuza 3,000 anabakiwa na 1,275 kwa kila sahani, yaani 51,000 kwa siku. Ukimsikiliza haraka unakubali. Soko analijua vizuri, na bei zote alizozitaja zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa sehemu mbili: vitu ambavyo havinunuliwi sokoni hakuvihesabu, na zile sahani 40 hakuwahi kuzihesabu hata mara moja.

Tuanze na sahani, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaopika kwa ajili ya kuuza hupoteza na wasijue.

Saa nne na nusu asubuhi pilau ilikuwa imeiva. Jana yake nilikuwa nimeazima mizani kwa kijana mmoja wa mtaani, wale wanaopima watu uzito kwa shilingi 200. Tukaweka ubao juu ya mizani, tukaweka sufuria ya moto juu ya ubao. Asubuhi tulikuwa tumeshapima sufuria tupu pamoja na ubao wake, kwa hiyo tulijua cha kutoa. Pilau yenyewe, na viazi na nyama ndani yake, ilikuwa na kilo 16. Mchele kilo 5 ulikuwa umekunywa supu na maji ukafika kilo 12 hivi, na zilizobaki zilikuwa viazi, nyama, mafuta na vitunguu vilivyoyeyuka.

Kilo 16 ukigawa kwa sahani 40 unapata gramu 400 kila sahani. Hesabu ya wifi, basi, haikuwa ndoto. Nilikuwa na mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, nikapima gramu 400 za pilau kwenye sahani. Ni sahani ya heshima, mtu mzima anashiba. Tukapakia sufuria kwenye bajaji.

Posta nikakaa nyuma yake na mizani yangu. Kila sahani niliyoweza kuipima kabla ya kumfikia mteja niliipima na kuiandika. Sahani za mwanzo zilikuwa sawasawa kabisa, 395, 400, 405. Mkono wa wifi umeshazoea. Saa saba foleni ikawa ndefu, binti anayemsaidia naye akashika upawa, na hapo tarakimu zikaanza kupanda. Akaja mlinzi mmoja wa siku nyingi: "Mama, leo nimeshinda na njaa, ongeza kidogo basi." Akaongezewa. Gramu 460. Nyuma yake alikuwepo mwenzake aliyeona, naye akatazama sahani yake kwa huzuni, naye akaongezewa. Hadi mwisho, wastani wa sahani nilizopima ulikuwa gramu 422.

Gramu 22 ni kijiko kimoja cha mezani. Ukikitazama juu ya sahani hukioni. Lakini kikizidishwa kwa sahani 36 kinakaribia gramu 800, yaani sahani mbili kamili zilizogawiwa bure, na hakuna mteja hata mmoja anayejua kwamba alipewa zawadi.

Sahani nyingine mbili zilikuwa zimebaki chini ya sufuria. Tulipokwangua ukoko tukaupima, ulikuwa gramu 800. Ukoko haukwepeki kabisa kwenye pilau ya mkaa, ila unapungua kwa mpishi anayejua kupalia: maji yakishakauka, makaa mengi yanahamia juu ya mfuniko, chini yanabaki machache ya kutunza joto tu. Siku hiyo makaa ya chini yalikuwa mengi kwa sababu tulikuwa tunazungumza.

Kwa hiyo kutoka kwenye sahani 40 za kichwani, sufuria ilitoa 36. Mbili walikula wao wenyewe, wifi na binti, kama ilivyo haki ya mtu aliyepika tangu alfajiri. Zilizouzwa ni 34. Hii ndiyo namba ya kugawia. Chakula kilichoishia kwenye ukoko, kwenye kijiko cha hisani na kwenye tumbo la mpishi kimelipiwa sokoni sawa na kile kilichouzwa, na wanaokilipia ni wale wateja 34.

Hapa niongeze neno kuhusu mchele, maana idadi ya sahani huanzia dukani. Mchele uliokaa ghalani miezi kadhaa hunywa maji mengi na kuvimba. Mchele mpya, uliotoka shambani juzi, una unyevu wake tayari. Ukiutia maji yaleyale unakuwa bokoboko, ukipunguza maji unaiva vizuri lakini haujazi sufuria. Ndiyo maana miezi ya baada ya mavuno wapishi hulalamika kwamba mchele umeshuka bei lakini hawaoni nafuu. Mfuko ukibadilika, pima upya sufuria ya kwanza. Kilo moja ya mchele ikitoa pungufu ya kilo mbili na robo za wali, ule unafuu wa bei umeshaliwa.

Viazi navyo vilinishangaza. Wengi tunaamini kiazi kwenye pilau ni cha kujazia, yaani kinapunguza gharama. Sivyo kwa bei za siku ile. Kilo ya viazi ilikuwa 1,500, ukimenya unabakiwa na gramu 850, na kiazi hakivimbi. Kinaingia sufuriani kilivyo na kutoka kilivyo. Kwa kilo ya kiazi kilichofika kwenye sahani unalipa karibu 1,750. Kilo ya mchele ya 3,000 inakuwa wali kilo mbili na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo kilo ya wali kwenye sahani ni kama 1,250. Kiazi ni ghali kuliko wali! Wifi alinitazama kama nimemtukania mama yake. Viazi hakuviacha, kwa sababu wateja wake wanavipenda na wengine huanza kula kiazi kabla ya nyama, na hiyo ni sababu nzuri ya kuviweka. Ila asiviweke kwa kudhani anabana matumizi.

Nyama ndiyo kitu ghali kuliko vyote sufuriani, na ndiyo pekee ambayo mteja huihesabu kwa macho. Zile kilo mbili na nusu za mchanganyiko zilikuwa na mfupa wa nusu kilo, ambao wifi huutoa na kuuchemshia supu ya kupikia. Kilo mbili za mnofu zilizobaki, baada ya kuchemka mpaka kulainika, zikawa kilo 1 na gramu 300. Theluthi nzima imeondoka na maji. Ukipanga vipande viwili kwa kila sahani, unatakiwa upate vipande 80, kila kimoja kikiwa gramu 16 hivi baada ya kuiva, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Kipande kidogo, ndiyo, lakini ni kilichokubalika kwa bei hiyo.

Shida ni kwamba nyama huwa inakatwa kwa haraka alfajiri, kwa mwanga wa taa ya simu, na vipande havilingani. Mpakuaji akikutana na vidogo anaona aibu, anaweka vitatu. Saa saba na nusu wali bado upo, nyama imekwisha, na mteja wa mwisho anapewa viazi vitatu na samahani. Tangu siku ile wifi anahesabu vipande kabla havijaingia kwenye maji. Sufuria yenyewe pia ina namna ya kumwambia kosa liko wapi: nyama ikiisha kabla ya wali, vipande vilikatwa vibaya au viligawiwa vibaya, wali ukiisha na nyama imebaki, upawa ulikuwa mzito.

Sasa turudi kwenye vile visivyonunuliwa sokoni. Niliviandika upande wa pili wa karatasi, kimoja kimoja, na kila nilipouliza alisema, "Hicho nacho tunakihesabu?" Mkaa wa siku hiyo ulikuwa 4,000. Maji ya kununua kwa madumu, 1,000. Bajaji ya kwenda Posta na sufuria, pamoja na nauli za kurudi, 7,000. Binti hulipwa 10,000 kwa siku. Kibaraza hukilipia 66,000 kwa mwezi. Kwa kuwa ofisi hufunguliwa siku 22 hivi kwa mwezi, hiyo ni 3,000 kwa siku. Sabuni, leso za karatasi na vijiti vya meno, 1,000. Wateja 15 walibeba chakula kwenda nacho ofisini, na kila boksi ni 200, kwa hiyo 3,000.

Kuna kimoja ambacho alikikataa kabisa mwanzoni: vyombo. "Sufuria ninayo tayari, wifi, siinunui kila siku." Kweli. Lakini sufuria inatoboka, sahani zinapasuka, majiko ya mkaa yanakatika miguu, na siku ya kununua vipya pesa hutoka kwenye mtaji wa mchele. Tukajumlisha vyombo anavyobadilisha kwa mwaka, ikaja 264,000. Siku zake za kazi kwa mwaka ni 264. Basi vyombo vinakula shilingi 1,000 kila siku, na afadhali aiweke pembeni kwenye kopo kuliko kuitafuta kwa kukopa.

Upande huo wa karatasi ukatimia 30,000. Ukiongeza 69,000 za sokoni, sufuria nzima ni 99,000. Gawa kwa sahani 34 zilizouzwa, unapata shilingi 2,912 kwa sahani.

Anauza 3,000.

Alikaa kimya. Akachukua kalamu akarudia kugawanya mwenyewe kwenye simu. Kila sahani inambakizia shilingi 88, na siku nzima inambakizia 3,000. Binti aliyekuja saa moja asubuhi ameondoka na 10,000. Yeye aliyeamka saa kumi usiku, mwenye mtaji na mwenye jina, ameondoka na 3,000. Na hiyo ilikuwa siku nzuri, ya jua, sufuria nyeupe.

Naomba msomaji asinielewe vibaya: zile 3,000 si faida. Hizo ndizo ujira wake, maana katika 99,000 hakuna hata senti ya kumlipa mpishi. Mtu anayefanya hesabu hii lazima ajiwekee mshahara, hata kama ni mdogo, na auandike kwenye karatasi kama anavyoandika mkaa. Angejilipa 15,000 tu, sahani moja ingemgharimu 3,353, na hapo ingeonekana wazi kwamba kila mchana anawalipia wafanyakazi wa ofisi chakula chao kwa usingizi wake.

Tukaangalia siku za mvua. Posta mvua ikinyesha mchana, watu hawashuki ghorofani. Siku ya namna hiyo huuza sahani 26 hivi. Sufuria ni ileile ya 99,000, isipokuwa maboksi machache na ndizi zinazoweza kungoja kesho. Sahani 26 ni 78,000. Amepoteza kama 20,000 kwa mchana mmoja, na kwa kasi ya 3,000 kwa siku anahitaji siku saba nzuri ili arudi alipokuwa. Hapo ndipo tarehe 20 zake zilipokuwa zinatokea.

Mtu atasema pilau iliyobaki ipashwe iuzwe kesho. Hapana. Wali uliokaa saa nyingi kwenye joto la Dar unazaa vijidudu, na baadhi yao huacha sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto mpaka utoe moshi. Wafanyakazi kumi wakiumwa tumbo siku moja, kibaraza kimekufa. Kilichobaki saa tisa kihesabiwe kuwa kimeshapotea.

Sasa, je, apike sufuria ndogo? Hapa hesabu inageuka, na nadhani ni sehemu yenye faida kuliko zote kuielewa. Gharama za sokoni ni 69,000 kwa kilo 5, yaani 13,800 kwa kila kilo ya mchele pamoja na nyama na viungo vyake. Zinapanda na kushuka na sufuria. Bajaji, binti, kibaraza na vyombo hazishuki. Ukipika kilo 4 unazilipa, ukipika kilo 6 unazilipa zilezile, na mkaa hauongezeki sana. Kwa hiyo kilo ya sita haina mzigo. Inakugharimu 13,800 na kutoa sahani saba za 21,000. Ukiziuza zote unabakiwa na 7,200, zaidi ya mara mbili ya alichobakiwa nacho wifi kwa kilo tano zote za kwanza!

Ndiyo maana wapishi wakubwa huweza kuuza rahisi na bado wakaishi. Lakini kilo hiyo inarudisha pesa yake pale tu utakapouza sahani tano kati ya zile saba. Ukiuza nne umepoteza. Swali la kujiuliza jioni, basi, ni dogo na linajibika: kesho nina uhakika wa wateja watano wa zaidi? Wifi anawajua watu wake. Ijumaa pilau inaondoka kuliko siku yoyote. Wiki ya mshahara watu hula nyama. Kuanzia tarehe 15 mpaka 22 wengi huhamia kwenye ugali maharage au hubeba chakula kutoka nyumbani. Jumatatu ni nzito. Alikuwa anajua yote haya kwa miaka miwili, na bado alikuwa anapika kilo tano kila siku, kwa sababu ndiyo ukubwa wa sufuria yake.

Lipo jambo moja ambalo halikuwemo kwenye karatasi ya Alhamisi, nalo lilikuwa kwenye daftari dogo lenye jalada la bluu. Kila siku wateja sita hivi hula kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Ni watu wa heshima, wengi hulipa. Lakini sahani sita kwa siku 22 ni sahani 132, na kwa 3,000 ni shilingi 396,000. Hiyo ni sawasawa na sufuria nne nzima, za 99,000 kila moja. Siku moja kabla ya mshahara, sufuria nne za mtaji wake zimelala kwenye madaftari ya ghorofa mbalimbali za Posta, na yeye anakwenda kwenye kikoba kukopa kiasi hichohicho kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Riba ya 39,600 ukiisambaza kwenye sahani zote za mwezi ni shilingi 53 kwa sahani. Kumbuka kwamba kilichokuwa kinabaki ni 88.

Na wakitokea wateja watatu wakahamishwa kituo bila kuaga, wakaacha sahani kumi hazijalipwa, hizo ni 30,000: kazi ya siku kumi.

Tulikaa hadi usiku tukijadili cha kufanya. Jambo la kwanza alilolikubali lilikuwa rahisi, nalo ni bakuli. Alinunua bakuli la plastiki ambalo, likijazwa na kusawazishwa kwa mwiko, linachukua pilau ya gramu 400. Linafunikwa juu ya sahani, linainuliwa, pilau inabaki imesimama kama kilima. Mteja anaiona nyingi, wifi na binti wanapakua sawa, na zile sahani mbili za kijiko cha hisani zimerudi. Anayeomba nyongeza anauziwa nusu bakuli kwa bei yake, bila ugomvi.

Bei ilikuwa ngumu zaidi. Nilipendekeza 3,500. Aliogopa. "Wifi, wakinikimbia je?" Nikamwambia tuhesabu wangapi wanaweza kukimbia. Kwa 3,000, sahani 34 zinaingiza 102,000. Kwa 3,500, sahani 30 zinaingiza 105,000. Wateja wanne wakiondoka na asirudi hata mmoja, bado anapata zaidi ya anachopata sasa; na wasipoondoka, anabakiwa na 20,000 badala ya 3,000. Ni kuanzia mteja wa tano anayeondoka ndipo angejuta. Alikubali, kwa sharti kwamba aanze Jumatatu ya wiki ya mshahara, wakati mifuko ya watu ina kitu.

Jambo la daftari hakulikubali lote. Alisema hawezi kumnyima chakula mtu aliyemlipa kwa uaminifu miaka miwili, na mimi sikumlaumu. Alichofanya ni kuweka ukomo: mteja akifikisha sahani tano hazijalipwa, analipa kwanza. Mlinzi yule wa gramu 460 alinuna siku mbili, siku ya tatu akalipa zote.

Wiki ya kwanza wateja watatu hawakuonekana. Mmoja alirudi Alhamisi. Ijumaa iliyofuata wifi alipika kilo sita, akapakua kwa bakuli, sufuria ikatoa sahani 46. Mbili wakala wenyewe, tatu zikabaki, 41 zikauzwa. Usiku alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake jipya, mwandiko mkubwa wa mtu asiyetaka kukosea. Mapato 143,500. Matumizi, na kopo la vyombo na maboksi ya ziada ndani yake, 113,400. Baki 30,100. Chini yake aliongeza mstari ambao sikuwa nimemfundisha: daftari la bluu sahani tano, 17,500, mkononi 12,600.